Pano linasema Kiswahili, picha inasema mambo ya kwingine

Wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira na Butembo wanaambiwa na kampuni za biashara kwamba sasa matangazo yanawafikia katika lugha yao. Ni kweli, maneno ni ya Kiswahili. Lakini mtu anayepita barabarani juu ya pikipiki hasomi maneno kwanza. Anaona rangi, kisha anaona sura na mikono, na maneno yanakuja mwisho kama bado kuna nafasi. Ile nafasi ni ya sekunde mbili au tatu. Basi kampuni iliyotafsiri maneno na kuacha picha vilevile imetafsiri sehemu ndogo kuliko zote.

Tuchukue pano moja la mafuta ya kupikia, la aina inayojulikana na kila mwenye kupita katika miji ya Kivu. Jina la kampuni halitajwi hapa, kwa sababu ugonjwa huu si wa kampuni moja. Katika picha kuna mama aliyevaa kanga mbili, moja kiunoni na nyingine kichwani. Anapakua pilau. Nyuma yake, kwa dirisha, inaonekana bahari na jahazi lenye tanga. Chini, mafuta yanamwagika kutoka chupa na kugeuka mto mwekundu wenye ndimi za moto, juu ya udongo mweusi, na maneno yanatangaza bei za moto. Kwa pembe kuna alama ya mikono miwili inayoshikana, kwa rangi ya buluu na nyekundu, kuonyesha kwamba kampuni na mnunuzi ni marafiki. Aliyeitengeneza aliona kazi nzuri. Mama wa Goma anaona makosa manne, na la nne linaweza kumuumiza mtu.

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba Kiswahili kina picha moja. Watengenezaji wengi wa matangazo, wakisikia neno "Kiswahili", wanachora Pwani: bahari, mnazi, jahazi, mlango wa kuchongwa wa Zanzibar, mama mwenye kanga. Hivyo vyote ni vitu vya heshima kwa wenyewe. Kanga ya Pwani ina pindo, ina mji katikati, na ina maneno yanayoitwa jina, na mama wa Mombasa au Unguja anaweza kutuma ujumbe mzima kwa jirani kwa kuvaa tu. Lakini Kiswahili kilifika Kongo na kikajenga nyumba yake huku. Mama wa Goma anavaa kikwembe, na macho yake yamezoea michoro ya kikwembe. Hana bahari, ana Ziwa Kivu. Hajui tanga la jahazi, anajua mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, inayotoka jioni na taa kuvua sambaza, huku wavuvi wakiimba. Mezani pake hakuna pilau la nazi kila Jumapili. Kuna bugali, sombe, sambaza, maharagi na viazi vya Masisi.

Kuna watakaouliza ubaya uko wapi, kwani hata mgeni anaweza kupendeza. Ubaya si kwamba picha inachukiza. Ubaya ni kwamba inasema: chakula hiki ni cha watu wengine. Mama akiona kanga na bahari anajua mara moja kwamba bidhaa ni ya kutoka Tanzania au Kenya, na katika akili ya mnunuzi kitu cha mbali ni kitu cha bei, kitu kilichopita mipaka na ushuru. Kampuni ilitaka kuonekana jirani, na kwa gharama yake yenyewe imejitangaza kuwa ngeni.

Wengine wamesikia lawama hii na kukimbilia upande wa pili. Wanaondoa jahazi na kuweka gorila wa Virunga, volkano na chukudu, katika kila tangazo, likiwa la sabuni au la benki. Hiyo nayo ni picha ya macho ya mtalii. Mama anayetoka Kituku na beseni la samaki hakutani na gorila. Chukudu ni fahari ya Goma, hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimamishwa katika mzunguko wa barabara, lakini kila mtu anajua kazi yake: kubeba viazi, mbao, makala na mizigo mizito. Ikiwekwa katika tangazo la unga au saruji, inasema ukweli. Ikiwekwa katika tangazo la mafuta mazuri ya uso, inachekesha. Kitu cha kwetu kinafaa pale kinapofanya kazi yake ya kila siku, hakifai kama pambo.

Kosa la pili ni dogo kwa macho ya fundi, kubwa kwa macho ya mama. Mama wa kwenye pano anapakua na kutoa chakula kwa mkono wa kushoto. Kwetu, na katika nchi zote zinazotuzunguka, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau, na kula kwa mkono huo ni uchafu. Mtoto wa miaka mitatu anafundishwa hivyo. Je, aliyepigwa picha hakulelewa? Alilelewa vizuri. Alipakua kwa mkono wa kulia, ni fundi wa kompyuta aliyegeuza picha nzima, kama mtu anavyojiona katika kioo.

Kisa cha kugeuza kinafahamika. Picha nyingi zinapigwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, ambako gari zinapita upande wa kushoto wa barabara. Kongo, sawa na Rwanda na Burundi, gari zinapita upande wa kulia. Madereva wa malori wanaotoka Uganda wanalijua hilo vizuri, maana wakivuka Bunagana au Kasindi wanabadilisha upande. Sasa kama nje ya dirisha au mlango kuna barabara, mtu wa kampuni anaona kwamba gari ziko upande usio wetu, na anaagiza picha igeuzwe. Mara nyingine hata barabara hakuna, inageuzwa tu ili upande mmoja ubaki wazi kwa maandishi. Barabara inakuwa sawa, maandishi yanapata nafasi, na mkono wa kulia unageuka wa kushoto.

Mtu yeyote anaweza kuitambua picha iliyogeuzwa. Aangalie saa ya mkononi: watu wengi wanaivaa kushoto, hapo itakuwa kulia. Aangalie shati la mwanaume: kwa kawaida vifungo viko upande wa kulia wa aliyevaa, na matundu upande wa kushoto. Aangalie chupa ya bidhaa: herufi zake zinasomeka vizuri, kwa sababu fundi aliibandika upya baada ya kugeuza. Basi kivuli cha chupa kinaenda upande mmoja na kivuli cha mama kinaenda upande mwingine. Dawa ni rahisi: kupiga picha upya, au kukata barabara na kuacha mkono wa mama ulivyokuwa.

Kosa la tatu ni la rangi, na hapa ndipo uongo mwingi unauzwa. Kuna orodha zinazopita kati ya watu wa biashara, zikisema kwamba kwa Waafrika nyekundu ni hatari, nyeupe ni amani, nyeusi ni kifo. Orodha hizo ni bure. Rangi haina maana peke yake kama neno katika kamusi. Nyeupe ni gauni la bibi arusi katika kanisa. Nyeupe ni sanda ya marehemu kwa Waislamu wa Kasongo na Kindu. Nyeupe pamoja na kijani ni Wakimbangisti wakiwa kwenye matembezi yao. Hata majina ya rangi katika lugha yetu yanatuonyesha hilo: kijani inatoka kwa jani, kahawia inatoka kwa kahawa, na manjano ni ile bizari inayotiwa katika mchuzi. Mtu anaitambua rangi kwa kitu alichoiona nacho.

Nyekundu yenyewe haiogopeshi mtu Goma. Kampuni mbili kubwa za simu, Vodacom na Airtel, zote zinatumia nyekundu, na watu wanakaa chini ya miavuli yao kila siku wakituma na kupokea franka bila wasiwasi. Kando yao kuna rangi ya chungwa ya Orange. Nyekundu ya mwavuli ni pesa. Nyekundu ya mawese katika sufuria ya sombe ni utamu. Hakuna shida.

Lakini nyekundu inayotiririka kama mto, yenye ndimi za moto, juu ya nyeusi, katika mji wa Goma, ni kitu kingine. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kuzika karitie nzima. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena usiku, ukachoma vijiji na nyumba upande wa kaskazini, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, watu wakaenda Sake na Rwanda na mafurushi vichwani. Yale mawe meusi ambayo nyumba zinajengwa juu yake hadi leo ni ule moto uliopoa. Fundi aliyetaka kusema bei ni nzuri sana amechora, kwa ukubwa wa ukuta wa nyumba, usiku ambao watu walipoteza watoto. Na kwa familia zilizokimbia vijiji vya Rutshuru, Masisi au Nyiragongo na kuacha nyumba zikiwaka, ndimi za moto hazihitaji volkano ili ziumize.

Picha hiyohiyo ikiwekwa Lubumbashi haitashtua mtu, ni mafuta tu yanayomwagika. Hilo ndilo jambo ambalo wenye matangazo wanapaswa kulishika: picha haiwi mbaya au nzuri kwa Waswahili wote. Inakuwa mbaya mahali fulani, kwa sababu ya jambo lililotokea mahali hapo. Mtu wa Nairobi hawezi kulijua bila kuuliza, na kuuliza ndiko kulikokosekana.

Kosa la nne linawagusa waliohama, na ndilo zito kuliko yote. Turudi kwenye ile alama ya mikono miwili inayoshikana, kwa buluu na nyekundu. Katika nchi nyingi hiyo ni alama ya biashara nzuri. Lakini familia iliyoishi Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala au Mugunga, kabla ya kambi hizo kuvunjwa mwanzoni mwa 2025, imeijua mikono hiyo kwa njia nyingine. Msaada wa Marekani kwa miaka mingi ulikuja na alama ya mikono inayoshikana, yenye buluu na nyekundu, kwenye magunia na kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, pamoja na maandishi kwamba haiuzwi. Magunia ya Shirika la Chakula Duniani ni meupe yenye alama ya buluu. Mahema ya kambi yalikuwa meupe yenye alama ya buluu. Kwa mama ambaye hakusoma shule, rangi hizo ndizo herufi. Buluu juu ya nyeupe inasema: hiki kinagawiwa. Mikono inayoshikana kando ya chupa ya mafuta inasema: mafuta yamefika, tafuta kikaratasi chako, nenda kwenye foleni.

Matokeo yake yanaenda pande mbili. Upande wa kwanza, mama aliyepata habari ya pano kutoka kwa mtoto wake anaacha kibarua cha siku, anabeba bidoni yake ya njano, anatembea hadi kwenye depo, na pale anaambiwa atoe pesa au aondoke. Amepoteza mkate wa siku moja kwa sababu ya pambo katika pembe ya picha. Upande wa pili ni wa mwenye duka. Wapita njia wakiona mafuta yenye alama inayofanana na ya msaada yakiuzwa, neno linalofuata ni wizi. Kwamba vitu vya wakimbizi vimegeuzwa biashara ni lawama inayowasha hasira haraka katika mji wenye njaa, na anayepigiwa kelele ni mama muuzaji wa rejareja ambaye hakuchora chochote. Kampuni iko mbali.

Kwa hiyo kuna sheria moja ambayo haipaswi kujadiliwa: bidhaa ya kuuzwa, hasa unga, maharagi, mafuta, chumvi na sabuni, isivae mavazi ya msaada. Isiwe na buluu juu ya nyeupe kama rangi kuu, isiwe na mikono inayoshikana, isiwe na foleni ya akina mama wenye mabeseni, isiwe na kikaratasi kinachoinuliwa juu. Kama rangi ya kampuni ni buluu tangu zamani, iweke bei kwa tarakimu kubwa katikati ya picha, na mkono unaotoa franka. Picha ya pesa inayobadilishana mikono ndiyo tofauti kati ya duka na ugawaji, na inaeleweka hata na asiyesoma.

Na jua nalo lina neno lake. Wino wa pano hauchakai kwa usawa. Ule unaotoa wekundu na unjano ndio unaopauka kwanza chini ya jua, ule wa buluu na mweusi unabaki. Pano lililoachwa miezi mingi linageuka kuwa la kibuluu, na chakula kinaonekana kama kilicholala. Hata alama iliyokuwa na rangi mbili inabaki na buluu peke yake, na kufanana zaidi na ile ya kwenye magunia. Wanaokodisha mapano wanajua hilo. Anayelipia tangazo anapaswa kuandika katika mkataba siku ya kulibadilisha au kulishusha.

Kampuni zinajitetea kwa maneno mawili. La kwanza ni kwamba picha moja kwa nchi zote inapunguza gharama. Hiyo ni kweli kwa anayelipa mpiga picha, lakini si kweli kwa anayehesabu mauzo. Pano linalomwambia mnunuzi kwamba bidhaa si yake ni pesa iliyotundikwa juu ya nguzo bila kazi. La pili ni kwamba mtu maskini anatazama bei tu, hatazami picha. Hilo ni tusi lenye sura ya hesabu. Mwenye franka chache ndiye anayechunguza zaidi, kwa sababu akikosea hana nyingine za kurudia. Mafuta aliyoyazoea atayachagua kwa bei, ndiyo. Mafuta mapya ambayo hajawahi kuyaonja hana kitu cha kuyapima isipokuwa sura yake.

Kinachohitajika si ofisi mpya wala wataalamu kutoka ng'ambo. Kabla ya kuchapa pano, picha ichapwe kwenye karatasi ya kawaida bila neno hata moja. Ipelekwe Birere, Virunga na Kituku, na kwa familia zilizohama ambazo sasa zinakaa kwa jamaa na katika majengo ya kanisa. Watu kumi au kumi na wawili wanatosha, mmoja mmoja, si katika kundi, maana katika kundi wa kwanza kusema anawavuta wengine. Wasiulizwe kama picha ni nzuri. Kwa heshima, mama atasema ni nzuri, hasa kama aliyeuliza amevaa fulana ya kampuni. Waulizwe mambo matatu: unaona nini hapa, huyu ni mtu wa wapi, na hiki kinauzwa au kinagawiwa?

Watatu kati ya kumi wakijibu kitu kilekile ambacho kampuni haikukusudia, picha irudi kwa fundi. Kisha ichapwe tena bila rangi, nyeusi na nyeupe tu, na ionyeshwe kwa watu wengine. Kama shida imeondoka, ilikuwa katika rangi. Kama imebaki, iko katika mchoro wenyewe. Kazi hiyo inamalizika kwa siku mbili, na gharama yake ni karatasi, nauli za pikipiki, na soda kwa waliotoa wakati wao.

Wanaohusika na ruhusa za mapano katika meri na komini nao wasijifiche. Wanapokea ushuru kwa ukubwa wa pano na mahali linaposimama. Waongeze swali moja tu kwenye fomu: picha hii imeonyeshwa kwa wakaaji gani, na walisema nini? Kampuni isiyo na jibu irudi sokoni kwanza, ndipo ije na pano lake.